Bima ya Banda la Kuku Bariadi: Moto, Magonjwa, Wizi na Masharti ya Kampuni

## Banda lina bima yake, kuku wana yao

Banda la kuku na kuku waliomo kwa kawaida hukatiwa bima kwa mikataba miwili tofauti. Kuta, paa, nyaya za umeme, matangi ya maji, vyombo vya chakula na mifuko ya chakula iliyo stoo huingia kwenye bima ya moto na majanga yanayoambatana nao, kama radi na upepo mkali. Kuku wenyewe huingia kwenye bima ya mifugo, ambayo hulipa wanapokufa kwa moto, ajali au ugonjwa uliotajwa kwenye hati. Wizi wa kuku mara nyingi haumo katika mikataba yote miwili. Huongezwa kwa ombi maalumu, na una ada yake.

Wafugaji wengi wa Bariadi hugundua mgawanyo huu wakiwa wamekwishapata hasara. Aliyekata bima ya banda kwa sababu benki ilimtaka afanye hivyo ili apate mkopo huamini kuwa hata kuku wamo, na banda likiungua hulipwa bati na mbao tu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ada ni shilingi ngapi, yapo maswali manne yanayohitaji jibu la maandishi:

- Je, hati inataja kuku kwa idadi, aina na umri, au inataja jengo peke yake?
- Ni magonjwa gani yaliyoandikwa kwa majina, na yapi yameondolewa?
- Je, wizi umo, na kampuni inauelezaje wizi?
- Nani atalipwa kwanza? Palipo na mkopo, benki huandikwa kuwa mnufaika wa kwanza, na mfugaji hupata kinachobaki baada ya deni.

## Nani anaweza kuuza bima hii

Kampuni, mawakala na madalali wote wa bima hupewa leseni na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lina bima ya mifugo. Tangu 2023 zipo pia kampuni zilizoungana katika Konsotia ya Bima ya Kilimo Tanzania, TAIC, ili kubeba kwa pamoja hatari za kilimo na mifugo. Mjini Bariadi, mfugaji hukutana na bima zaidi kwenye matawi ya benki, kwa kuwa baadhi ya benki zina leseni ya kuuza bima kwa niaba ya kampuni.

Baada ya kulipa, namba iliyo kwenye hati ihakikiwe katika mfumo wa TIRA MIS. Namba isiyoonekana humo ni dalili mbaya, hata kama karatasi ina mhuri na wakala ni mtu anayefahamika mtaani. Malipo yapitie kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, si simu ya wakala. Ada isipoifikia kampuni, kinga haijaanza, na wakala aliyeahidi kuiwasilisha wiki ijayo hatakuwa msaada siku banda litakapoungua.

## Masharti kabla ya kukubaliwa

Kampuni hutuma mtu kukagua banda, au humtaka mfugaji alete taarifa ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Masharti hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini mambo haya hurudi karibu kila mahali:

- idadi ya chini ya kuku, ambayo mara nyingi ni mamia;
- kuku wote wa banda moja kukatiwa bima, kwani kampuni haikubali kuku wachaguliwe;
- umri usiozidi kikomo, kwa kawaida hadi mwisho wa mzunguko wa utagaji, ambao kwa kuku wa mayai huwa karibu wiki 72;
- vifaranga kutoka kituo cha kutotolea kinachotambulika, pamoja na risiti;
- ratiba ya chanjo iliyofuatwa na kuandikwa;
- daftari la kila siku la vifo, chakula na mayai.

Sharti la idadi huwaumiza wafugaji wa vijijini. Mwenye kuku 80 wa kienyeji wanaozurura Itilima au Meatu hapati kampuni kwa urahisi, kwani hakuna anayeweza kuthibitisha ni wangapi waliolala bandani jana. Mtu huyu hafaidiki kwa kuhangaika na bima. Fedha yake hufanya kazi zaidi kwenye chanjo ya kideri aina ya I-2, inayotengenezwa Kibaha na kutolewa kwa tone la jicho kila baada ya miezi 3, na kwenye mlango wenye komeo imara. Njia nyingine ni kikundi kilichosajiliwa, ambacho wanachama wake hufuga kwa kufungia ndani na kuomba bima kwa pamoja.

Fomu ya maombi ijazwe na mfugaji mwenyewe, au isomwe mbele yake neno kwa neno. Swali la iwapo kuku waliwahi kufa kwa ugonjwa miezi 12 iliyopita lina jibu moja tu, nalo ni la kweli. Wakala anayeshauri paandikwe "hapana" ili mambo yaende haraka anaandaa sababu ya madai kukataliwa, kwa kuwa jibu la uongo kwenye fomu huipa kampuni haki ya kujitoa katika mkataba mzima.

## Moto

Mabanda mengi huungua kwa chanzo kilekile: joto la kulelea vifaranga. Jiko la mkaa huwekwa katikati ya bruda, maranda au pumba za mpunga zikiwa zimetandazwa chini, na kuku mmoja akiruka au upepo ukiingia, cheche hufika kwenye matandazo. Moto wa pumba hufuka ndani kwa ndani kwa saa kadhaa bila mwali. Ndiyo maana banda huonekana salama saa nne usiku na kuwaka saa tisa.

Simiyu ina hatari yake nyingine. Wakulima wa pamba hutakiwa kung'oa na kuchoma masalia ya zao hilo ifikapo 15 Septemba ili kuvunja mzunguko wa wadudu, na kazi hiyo huangukia kipindi ambacho nyasi zimekauka. Banda lililopakana na shamba la pamba linahitaji ukanda uliofyekwa na kulimwa kulizunguka pande zote, na ukanda huo upigwe picha kila mwaka mwezi Agosti. Mtathmini wa hasara atauliza kama ulikuwapo.

Masharti ya kawaida ya kampuni kuhusu moto ni haya:

1. Paa la bati na kuta za tofali. Paa la nyasi hukataliwa, au hutozwa ada kubwa zaidi.
2. Umeme uliofungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA. Taa ya joto itundikwe kwa mnyororo, isishikiliwe na waya wake wa umeme.
3. Jiko la mkaa likae juu ya tofali na kuzungushiwa bati, mahali ambapo matandazo yameondolewa.
4. Kizimamoto cha unga kiwepo mlangoni, na tarehe yake ya ukaguzi isiwe imepita.
5. Petroli ya jenereta, mafuta ya taa na pamba visihifadhiwe ndani ya banda.

Sharti la mwisho huvunjwa sana wakati wa mavuno, pale banda tupu linapogeuzwa ghala la pamba kwa wiki chache. Mabadiliko hayo ya matumizi yasipotolewa taarifa, bima ya jengo huweza kupotea kwa wiki hizo hizo.

## Kukata bima pungufu

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kutaja thamani ndogo ili ada ipungue. Mfano huu una tarakimu za kukadiria, lakini hesabu yake ndiyo inayotumiwa na kampuni.

Mfugaji wa pembezoni mwa Bariadi ana kuku 600 wa mayai wa wiki 20. Kila mmoja ana thamani ya shilingi 18,000, hivyo kundi zima ni shilingi 10,800,000. Kampuni inatoza asilimia 4 kwa mwaka, yaani shilingi 432,000. Anaona ni nyingi, anaandika thamani ya shilingi 6,000,000 na kulipa shilingi 240,000. Ameokoa shilingi 192,000.

Moto unatokea na kuua kuku 200. Hasara ni shilingi 3,600,000, na kwa kuwa kiasi hicho ni chini ya milioni 6, anatarajia kulipwa chote. Kampuni haihesabu hivyo. Inagawa 6,000,000 kwa 10,800,000 na kuona kuwa alikata bima ya asilimia 55.6 tu ya mali yake, hivyo hasara inalipwa kwa uwiano huo: shilingi 2,000,000. Kisha huondolewa sehemu ambayo mwenye bima hujibebea mwenyewe, tuseme asilimia 10, na anabaki na shilingi 1,800,000. Angetaja thamani kamili angepata shilingi 3,240,000. Alichookoa kwenye ada kimemgharimu shilingi 1,440,000.

Kutaja thamani kubwa kupita ukweli nako hakusaidii. Kampuni hulipa thamani ya kuku siku alipokufa, na hati nyingi huambatana na jedwali la umri: kifaranga huanza na bei ya kununuliwa, thamani hupanda kadiri anavyokula hadi aanze kutaga, halafu hushuka wiki hadi wiki kuelekea bei ya kuku wa kuuzwa nyama. Jedwali hilo liombwe kabla ya kulipa. Lisipokuwapo, ubishi juu ya thamani utafanyika siku ya hasara, na siku hiyo mfugaji ndiye mwenye haraka.

## Magonjwa

Sehemu hii ina masharti mengi kuliko nyingine, na ndiyo inayozaa malalamiko mengi. Kampuni huogopa ugonjwa kwa sababu moto huchoma banda moja, ilhali kideri hupita kata nzima kwa wiki moja.

Kwanza kuna kipindi cha kusubiri. Bima ikianza leo, ugonjwa utakaotokea ndani ya siku 14, au muda mwingine uliotajwa kwenye hati, haulipwi. Nia ni kumzuia anayekuja kukata bima akiwa tayari ana kuku wanaosinzia. Bima ikikatika kwa kuchelewa kulipia mwaka mpya, kipindi hicho huweza kuanza upya.

Pili, kuna vifo vya kawaida. Kampuni hukubaliana na mfugaji kuwa asilimia fulani ya kundi itakufa bila janga, na hiyo hailipwi. Kwa kuku 600 na kiwango cha asilimia 5, vifo 30 vya kwanza ni vya mfugaji. Ugonjwa ukiua kuku 240, wanaohesabiwa ni 210. Kwa thamani ya shilingi 18,000 kila mmoja hiyo ni shilingi 3,780,000, na baada ya kutoa asilimia 10 ya kujibebea hubaki shilingi 3,402,000.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukwama, ugonjwa wenye chanjo hulipwa tu kama chanjo ilitolewa kwa wakati na inathibitishwa. Ratiba iliyozoeleka kwa kuku wa mayai ni hii:

- siku ya 1: mareksi, kituoni wanakototolewa;
- siku ya 7: kideri;
- siku ya 14: gumboro;
- siku ya 21: kideri, mara ya pili;
- siku ya 28: gumboro, mara ya pili;
- kati ya wiki ya 6 na ya 10: ndui;
- baada ya hapo, kideri kila miezi 3.

Kauli ya mfugaji kwamba alichanja si ushahidi. Ushahidi ni risiti ya duka la dawa za mifugo yenye tarehe, lebo ya chupa yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyobandikwa kwenye daftari, na sahihi ya mtaalamu wa mifugo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, hivyo risiti ya duka lisilo na friji inaweza kuhojiwa. I-2 hustahimili joto zaidi kuliko chanjo nyingine za kideri, jambo linalosaidia kijiji kisicho na umeme, lakini nayo haivumilii kuachwa juani.

Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyozinduliwa Bariadi mwezi Juni 2025, ilitangaza chanjo ya kuku bila malipo. Chanjo ya kampeni inahesabika mbele ya kampuni iwapo tu tarehe, aina ya chanjo na idadi ya kuku vimeandikwa, na ofisa mifugo ameweka sahihi. Mfugaji asimruhusu mchanjaji aondoke kabla ya kuandika.

Nne, yapo yanayoondolewa kabisa katika hati nyingi: vifo vya njaa au kiu, kudonoana, sumu ya chakula kilichoota ukungu, na mafua makali ya ndege. Vivyo hivyo kuku wanaouawa kwa amri ya serikali ili kuzuia ugonjwa usienee. Kifungu hiki cha mwisho kinafaa kuulizwa kwa jina, kwa kuwa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 amri ya namna hiyo inaweza kutolewa hata kwa banda ambalo kuku wake bado wanakula.

## Siku vifo vinapoanza

Kampuni hutaka taarifa haraka, mara nyingi ndani ya saa 24 hadi 48. Saa hizo huhesabiwa tangu vifo vilipopita kiwango cha kawaida, si tangu kuku wa mwisho alipokufa. Utaratibu unaolinda madai ni huu:

1. Kupiga simu kwa kampuni na kwa ofisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, kisha kutuma ujumbe wa maandishi wenye idadi ya waliokufa, ili muda ubaki kwenye kumbukumbu.
2. Kupiga picha mizoga ikiwa imepangwa kwa safu za kumikumi, inayohesabika.
3. Kutenga mizoga michache mibichi na kuku wagonjwa walio hai kwa ajili ya maabara. Kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, kipo Mwanza, na barabara ya kupitia Lamadi huruhusu kufika siku hiyo hiyo. Mizoga isafirishwe kwenye barafu bila kugandishwa. Ikioza, daktari hataweza kusema kilichoua.
4. Mizoga mingine ifukiwe baada tu ya mtaalamu kuiona na kuandika idadi.
5. Kutouza kuku hata mmoja.

Sharti la tano ni gumu kulitimiza. Mnunuzi huja alfajiri na kutoa shilingi 5,000 kwa kila kuku anayesinzia, na mfugaji aliyekata tamaa hukubali. Kuku waliouzwa hawahesabiki katika madai, na kampuni huweza kukataa hata waliobaki kwa hoja kwamba idadi imevurugwa. Isitoshe, kuku hao huupeleka ugonjwa kwenye mabanda ya wengine kupitia mnadani.

## Wizi

Katika lugha ya bima, wizi ni kuingia kwa kuvunja, na kuvunja huko kuache alama: kufuli iliyokatwa, wavu uliochanwa, tofali zilizotolewa. Kuku 40 waliopungua kwenye hesabu ya asubuhi huku mlango ukiwa mzima huitwa upotevu usioelezeka, na huo haulipwi. Wizi wa mfanyakazi wa banda nao huondolewa katika hati nyingi, isipokuwa uwe umeongezwa na kulipiwa.

Kampuni hutaka kufuli mbili, wavu mzito madirishani, taa ya nje na mlinzi wa usiku. Kinacholeta shida zaidi ni idadi. Bila daftari la kila jioni, hakuna njia ya kuonyesha kuwa walikuwapo 600 na sasa wamebaki 480. Chakula husaidia kuthibitisha, maana kuku wa mayai hula karibu gramu 120 kwa siku. Kundi la 600 humaliza takriban kilo 72 kwa siku, na daftari linaloonyesha kilo 50 kwa siku mwezi mzima kabla ya wizi litamfanya mtathmini aamini kuwa kuku 600 hawakuwapo.

Usukumani, wizi hupelekwa kwanza kwa sungusungu, na mara nyingi wao ndio humkamata mwizi. Hilo halina ubaya, ila kampuni haitambui barua ya sungusungu wala ya mtendaji wa kijiji badala ya taarifa ya polisi. Namba ya RB ichukuliwe siku hiyo hiyo, na idadi inayoandikwa polisi ilingane na ile ya fomu ya madai. Mfugaji aliyesema "kama mia hivi" kituoni na kuandika 120 kwa kampuni amejipunguzia kuku 20. Kufuli iliyovunjwa isitupwe wala mlango usitengenezwe kabla ya kupigwa picha.

## Inapodaiwa kuwa kampuni hazilipi

Shaka hii ina msingi, kwa kuwa wapo waliolipa ada na kunyimwa fidia. Lakini sababu nyingi za kukataliwa zinajulikana mapema: taarifa iliyochelewa, chanjo isiyothibitishwa, idadi isiyolingana, ada isiyofika, ugonjwa usiomo kwenye hati. Kampuni ikikataa kwa sababu nyingine, au ikikaa kimya, madai yana njia ya kufuata.

Hatua ya kwanza ni barua kwa kampuni inayotaka sababu za maandishi zikitaja kifungu cha hati. Jibu la simu halitoshi. Hatua ya pili ni TIRA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Ya tatu ni Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa kwa Sheria ya Bima ya 2009 ili kusikiliza walalamikaji kabla ya kufika mahakamani. Kote huko hupelekwa nakala ya hati, risiti ya ada, fomu ya madai, taarifa ya daktari au polisi, na ujumbe ule wa kwanza wenye tarehe.

Kampuni ikikubali kulipa, huleta kwanza hati ya kukubali fidia ili mfugaji aitie sahihi. Sahihi hiyo hufunga madai, na kiasi hakifufuliwi tena. Hesabu ya fidia iombwe kwa maandishi kabla ya kusaini: idadi ya kuku, thamani ya kila mmoja kwa jedwali la umri, uwiano wa bima pungufu kama upo, vifo vya kawaida na sehemu ya kujibebea. Palipo na tarakimu isiyolingana na hati ya bima, hati ya fidia irudishwe bila sahihi, pamoja na barua inayotaja tarakimu hiyo.